Utepe mweupe pembezoni mwa viondo: uchambuzi wa kisa kimoja cha kupunguza picha zenye alfa

## Usuli

Studio ndogo jijini Nairobi hupiga na kuandaa picha za bidhaa kwa niaba ya wauzaji wa viondo, mikoba ya ngozi na vinyago. Jina la studio, la mteja na la tovuti yake yameondolewa, na thamani za rangi zimerahisishwa kidogo ili msomaji aweze kuzifuata kwa karatasi na kalamu.

Utaratibu wa kazi ulikuwa wa kawaida. Kiondo huwekwa mbele ya karatasi nyeupe na kupigwa picha, mhariri wa picha hukata mandharinyuma, kisha huhifadhi faili ya PNG yenye upana na urefu wa pikseli 3000, ikiwa na chaneli ya alfa. Usiku, skripti ya Python hupitia faili zote mpya na kuzipunguza hadi pikseli 600 ili zitumike kama vijipicha kwenye tovuti ya muuzaji.

Kila pikseli katika faili ya namna hii hubeba namba nne: nyekundu, kijani, bluu na alfa. Alfa ikiwa 255 pikseli imefunga kabisa. Ikiwa 0 haionekani hata kidogo. Muundo wa PNG huhifadhi rangi na alfa bila kuzidisha moja kwa nyingine, na kwa hiyo pikseli yenye alfa 0 bado ina rangi yake kamili ndani ya faili. Katika faili za studio hii rangi hiyo iliyofichika ilikuwa nyeupe karibu kila mahali, kwa sababu programu ya kuhariri iliujaza weupe upande wote uliokatwa. Hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuijali, kwa kuwa hakuna aliyeiona.

## Kilichotokea

Kwa muda mrefu tovuti ya mteja ilikuwa na kurasa nyeupe. Alipoamua kubadilisha sura yake na kutumia kijani cha giza, viondo vingi vilionekana vimezungukwa na utepe mwembamba mweupe, hasa pale ambapo nyuzi za katani huchomoza ukingoni mwa mfuko na kwenye vishada vya mshipi. Bidhaa zenye umbo laini, kama vinyago, zilikuwa na utepe pia, ila mwembamba kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni mng'ao wa taa.

Mteja aliamini kwamba ukataji ulifanywa kwa haraka. Msanidi wa skripti naye aliamini hivyo hivyo, akaomba picha zikatwe upya. Mhariri alikataa lawama hiyo kwa upole: "Ndugu yangu, kwangu picha ni safi. Fungua faili kubwa uiweke juu ya rangi yoyote ile, ujionee." Alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, kama itakavyoonekana, lakini ombi lake halikufanyiwa kazi mara moja.

Badala yake yalijaribiwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa kubana ukingo wa barakoa, yaani umbo la alfa linaloamua kipi kionekane, kwa pikseli mbili kuelekea ndani, ili kuondoa weupe uliodhaniwa kubaki. Nyuzi nyembamba zikatoweka kabisa, na utepe ukabaki palepale, isipokuwa sasa uliuzunguka ukingo mpya. La pili lilikuwa kupitisha faili kubwa kwenye programu ya kubana PNG ambayo hubadilisha rangi ya pikseli zisizoonekana kuwa nyeusi ili faili ipungue uzito. Baada ya hapo vijipicha vilipendeza juu ya kijani cha giza, na kwa siku chache ilidhaniwa kwamba tatizo limekwisha. Kisha bango la matangazo lenye rangi ya krimu likaonyesha viondo vilevile vikiwa na utepe mweusi, kana kwamba vimechorwa kwa wino.

Jaribio hilo la pili halikuponya kitu, ila ndilo lililotoa ushahidi bora kuliko mengine yote. Ikiwa kubadilisha rangi ya pikseli zisizoonekana kunabadilisha rangi ya utepe unaoonekana, basi rangi iliyofichika inaingia katika hesabu ya kupunguza picha. Kilichobaki ni kujua inaingia wapi.

Mwandishi wa uchambuzi huu aliitwa katika hatua hiyo. Ushahidi mwingine ulipatikana katika kumbukumbu za studio: vijipicha vya zamani zaidi, vilivyotengenezwa na skripti iliyotangulia, havikuwa na utepe wowote, ingawa mhariri alikuwa yuleyule na njia ya kukata ileile. Skripti ya zamani ilitumia Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha. Ya sasa iliandikwa upya kwa maktaba nyingine, OpenCV, kwa ajili ya kasi, na mstari wake mkuu ulikuwa huu:

```python
p = cv2.resize(p, (600, 600), interpolation=cv2.INTER_AREA)
```

Pillow inapopewa picha ya aina ya `RGBA` na kichujio chochote isipokuwa `NEAREST`, huigeuza kwanza kuwa `RGBa`, yaani rangi zilizokwisha kuzidishwa kwa alfa, huipunguza, kisha huirudisha ilivyokuwa. Hufanya hivyo kimya kimya. `cv2.resize` haijui kwamba chaneli ya nne ni alfa. Hupewa safu nne za namba na kupunguza kila moja peke yake, jambo ambalo ni sahihi kabisa kwa maktaba inayotumika pia kwa data zisizo picha za kutazamwa. Aliyehamisha skripti alihamisha mstari mmoja, na hakuona kwamba kulikuwa na hatua mbili nyuma ya mstari huo ambazo hazikuandikwa popote.

## Hesabu ya pikseli moja

Kutoka 3000 hadi 600 ni mara tano, kwa hiyo `INTER_AREA` huchukua mraba wa pikseli 25 na kuzifanya pikseli moja kwa kutafuta wastani. Tuchukue mraba mmoja ulioko ukingoni mwa kiondo. Pikseli 10 ni katani ya kahawia yenye rangi (120, 72, 40) na alfa 255. Pikseli 15 zilizobaki hazionekani, alfa yake ni 0, na rangi yake iliyofichika ni nyeupe, (255, 255, 255).

Wastani wa alfa ni 10 kwa 25, yaani 0.4, au 102 katika kipimo cha hadi 255. Hapo hakuna kosa: asilimia 40 ya mraba imefunikwa na katani. Kosa liko kwenye rangi. Wastani wa nyekundu ni (10 × 120 + 15 × 255) ÷ 25, yaani 201. Wa kijani ni 182 na wa bluu 169. Rangi ya kahawia imegeuka kuwa ya vumbi jeupe, kwa sababu pikseli 15 zisizokuwapo zimehesabiwa sawa na 10 zilizopo. Ni kama kutafuta bei ya wastani ya mahindi kwa kujumlisha bei ya gunia na bei ya kisado kisha kugawa kwa mbili, bila kuuliza kila kimoja kina uzito gani.

Kijipicha hicho kikiwekwa juu ya kijani cha giza (16, 48, 36), pikseli inayoonekana huwa asilimia 40 ya rangi yake na asilimia 60 ya mandharinyuma, yaani (90, 102, 89). Hiyo ni kijivu chenye mwanga kuliko kijani kilicho nyuma yake, na ndiyo utepe wenyewe. Iwapo rangi ingebaki (120, 72, 40) kama inavyostahili, jicho lingeona (58, 58, 38), rangi iliyo kati ya katani na kijani, isiyovuta macho ya mtu.

Inafaa kuangalia pia kilichokuwa kikitokea juu ya ukurasa mweupe wakati ambapo hakuna aliyelalamika. Pikseli iliyoharibika huonekana hapo ikiwa na nyekundu ya 233, na iliyo sahihi ingekuwa na 201. Kwa maneno mengine, uzi uliofunika asilimia 40 ya mraba ulionekana kana kwamba umefunika asilimia 16 tu, ambayo ni 0.4 mara 0.4, kwa kuwa weupe uliingia mara mbili: kwanza ndani ya rangi wakati wa kupunguza, kisha kupitia alfa wakati wa kuonyesha. Nyuzi zote nyembamba zilikuwa zikififia. Mhariri alikumbuka kwamba aliwahi kuambiwa viondo vinaonekana "vimenyolewa" na akaongeza ukali wa picha ili kufidia, bila mtu yeyote kuhusisha jambo hilo na skripti. Uharibifu ulikuwa umefanyika kabla ya mabadiliko ya sura ya tovuti. Kijani cha giza kiliuweka wazi tu.

## Maamuzi na sababu zake

Njia ya kurekebisha ni kuipa kila rangi uzito wa alfa yake kabla ya kutafuta wastani, kisha kuondoa uzito huo baadaye. Thomas Porter na Tom Duff walieleza faida za kubeba rangi ikiwa imezidishwa kwa alfa katika makala yao ya mwaka 1984 kuhusu kuunganisha picha, na hesabu yenyewe haijabadilika tangu hapo. Katika mraba wetu, pikseli zisizoonekana huzidishwa kwa 0 na kuwa (0, 0, 0). Wastani wa nyekundu iliyozidishwa ni 1200 ÷ 25, yaani 48. Ukigawa kwa 0.4 unapata 120, ileile ya mwanzo. Weupe uliofichika hauna tena sauti.

Skripti iliandikwa hivi:

```python
import cv2
import numpy as np

p = cv2.imread("kiondo.png", cv2.IMREAD_UNCHANGED)
p = p.astype(np.float32) / 255
p[..., :3] *= p[..., 3:]
p = cv2.resize(p, (600, 600), interpolation=cv2.INTER_AREA)
p[..., :3] /= np.maximum(p[..., 3:], 1e-6)
p = np.rint(np.clip(p, 0, 1) * 255).astype(np.uint8)
cv2.imwrite("kiondo-600.png", p)
```

Msanidi aliuliza kwa nini rangi zisihifadhiwe zikiwa zimezidishwa, ili hatua ya kugawa iondolewe. Jibu ni kwamba kila programu inayofungua PNG hutarajia rangi isiyozidishwa, na itazidisha tena yenyewe wakati wa kuonyesha. Rangi ikizidishwa mara mbili, kingo zote huwa nyeusi. Kuzidisha ni hali ya muda ndani ya hesabu, na faili lazima irudi katika hali ambayo muundo wake unaahidi.

Uamuzi wa kutumia namba za desimali badala ya baiti ulitokana na nyuzi zilezile. Pikseli yenye alfa 3 kati ya 255, ikizidishwa katika baiti, hubakiwa na viwango vinne tu vya kila rangi, kuanzia 0 hadi 3, na ukiigawa tena unapata madoa ya rangi zisizokuwapo. Kwa kinyago hilo halionekani. Kwa mamia ya nyuzi hafifu zilizorundikana huonekana kama chembe za rangi za ajabu.

Mtu mmoja alipendekeza kichujio cha Lanczos ili picha iwe kali zaidi. Kilikataliwa kwa sababu kichujio hicho kina uzito hasi pembezoni mwake, hivyo huweza kuzalisha alfa inayozidi 1 au kushuka chini ya 0, na rangi iliyozidishwa inayoizidi alfa yake yenyewe. Mambo hayo hurekebishika kwa kukata thamani zilizopita kiasi kabla ya kugawa, lakini hapakuwa na haja ya kuyaalika. Isitoshe, `INTER_LANCZOS4` ya OpenCV haipanui eneo lake inapopunguza, na kwa upunguzaji wa mara tano huruka pikseli nyingi bila kuzihesabu.

## Matokeo, na utepe wa pili

Vijipicha vipya vilikaguliwa juu ya rangi tatu: nyeupe, kijani cha tovuti, na zambarau kali ambayo haipatikani katika bidhaa yoyote ya mteja. Sehemu kubwa ilikuwa safi. Hata hivyo, kundi dogo la viondo lilibaki na weupe hafifu, na hapo ndipo haki ya mhariri ilipoishia.

Weupe huo ulikuwa na chanzo kingine. Uzi wa katani mbele ya karatasi nyeupe haukati mwanga kwa ukali. Pikseli ya ukingoni katika picha ya kamera tayari ni mchanganyiko wa katani na karatasi. Barakoa ikiipa pikseli hiyo alfa ya 0.5, kazi ya alfa imefanyika vizuri, lakini rangi iliyobaki ndani yake bado ina nusu ya karatasi. Hakuna namna ya kupunguza picha itakayoondoa weupe uliopo kwenye pikseli zinazoonekana. Namna ya kutofautisha tepe hizi mbili ni rahisi: weka faili kubwa, kabla haijapunguzwa, juu ya rangi kali na uitazame kwa asilimia 100. Ukiona weupe hapo, umetoka kwenye upigaji na ukataji. Usipouona hapo ukauona kwenye kijipicha, umetoka kwenye upunguzaji.

Kwa weupe wa aina hii, rangi halisi hukokotolewa kwa kuondoa sehemu ya karatasi:

```
F = (C - (1 - a) * B) / a
```

`C` ni rangi iliyopigwa, `B` ni rangi ya karatasi na `a` ni alfa. Pikseli yenye (188, 164, 148) na alfa 0.5 mbele ya karatasi ya 255 inatoa (121, 73, 41), karibu sawasawa na katani iliyo ndani ya kiondo. Alfa ikishuka chini ya 0.1 makosa madogo ya kamera hukuzwa zaidi ya mara kumi, na hapo ilionekana bora kuchukua rangi ya pikseli iliyofunga iliyo karibu zaidi. Mishipi ya ngozi iliachwa bila kuguswa: weupe wa ukingoni mwake ulikuwa mng'ao halisi wa karatasi juu ya ngozi iliyopakwa nta, na kuuondoa kulifanya mshipi uonekane kama umekatwa kwa mkasi.

Tatizo la tatu lilijitokeza mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Tovuti ilikuwa na sehemu ya kuzungusha bidhaa iliyochorwa kwa WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora kwa kutumia kadi ya michoro, na humo vijipicha vipya vilikuwa na ukingo mweusi. Skripti mpya huacha pikseli zisizoonekana zikiwa na rangi (0, 0, 0), na kadi ya michoro ilikuwa ikipunguza picha tena kwa rangi isiyozidishwa, ikifanya kosa lilelile la mwanzo kwa rangi nyingine. Marekebisho yalikuwa mistari miwili, wa kwanza ukiwekwa kabla ya kupakia picha:

```js
gl.pixelStorei(gl.UNPACK_PREMULTIPLY_ALPHA_WEBGL, true);
gl.blendFunc(gl.ONE, gl.ONE_MINUS_SRC_ALPHA);
```

Mistari hiyo hutembea pamoja. Ukiweka wa kwanza tu na kuacha `SRC_ALPHA` katika wa pili, rangi huzidishwa mara mbili na kingo huwa nyeusi zaidi. Ukiweka wa pili tu, rangi haizidishwi kabisa na kingo huwaka.

## Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kukagua mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatazamwi. La kwanza ni rangi iliyofichika, ambayo hupatikana kwa kuhifadhi chaneli tatu za mwanzo na kuitupa alfa. Picha inayotokea huonyesha papo hapo kama nyuma ya uwazi kuna weupe, weusi au picha nzima ya studio. La pili ni kulinganisha vijipicha vya skripti mbili kutoka kwa faili moja kubwa. Dakika chache za ulinganisho huo zingefanya ukataji upya usiwe na maana hata kidogo.

Kilichoshindwa ni ukaguzi wa kila siku. Kila aliyeidhinisha picha aliitazama juu ya nyeupe, rangi ileile iliyokuwa imefichika ndani ya faili, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuuona utepe. Kubana barakoa kulishindwa kwa sababu kulishughulikia mahali ambapo ukingo upo, wakati kosa lilikuwa katika namna ukingo unavyochanganywa. Kujaza weusi kulishindwa kwa kuwa kulibadilisha rangi ya kosa na kuliacha kosa lenyewe.

Jambo moja liliachwa kwa makusudi. Wastani ulitafutwa juu ya thamani za sRGB kama zilivyo, ingawa kwa usahihi wa mwanga zingepaswa kugeuzwa kwanza kuwa za mstari, yaani zinazolingana na kiasi halisi cha mwanga, na alfa kuachwa ilivyo. Kugeuza kungebadilisha kidogo mwonekano wa vijipicha vyote, vikiwamo vya zamani ambavyo mteja ameviidhinisha, na faida yake kwa katani ya kahawia ni ndogo. Kwa shanga nyeupe juu ya mandharinyuma meusi uamuzi ungekuwa tofauti.

Zilibaki bidhaa chache ambazo faili zake kubwa zilikuwa zimepotea, na kilichokuwapo ni kijipicha kilichoharibika. Kwa kuwa rangi iliyofichika ilikuwa nyeupe tupu na alfa ilikuwa sahihi, hesabu ya `F` iliyotajwa juu ilitumika tena, `B` ikiwa 255: (201 − 0.6 × 255) ÷ 0.4 ni 120. Rangi ilirudi karibu kamili palipokuwa na alfa ya kutosha, na nyuzi hafifu kabisa zilichukua rangi ya jirani. Njia hiyo haikufaa kwa vijipicha viwili ambavyo nyuma yao kulikuwa na picha ya studio badala ya weupe, kwa sababu hapo `B` hubadilika kutoka pikseli moja hadi nyingine na thamani zake hazipo tena. Viondo hivyo viwili vilipigwa picha upya.